Tahadhari: Alama ya Kichwa cha Habari Isipewe Mamlaka ya Kuuza

Kama mfumo wako wa ufuatiliaji unapima hisia za vichwa vya habari, kisha unauza hisa au kusitisha malipo pale alama inaposhuka, kata kiungo hicho leo, kabla soko halijafunguliwa kesho. Alama ziendelee kuhesabiwa, ila ziishie mezani kwa mtu.

Watu wengi huogopa programu kutoelewa maneno, na hawakosei: mwaka 2011 watafiti Loughran na McDonald walionyesha kwamba karibu robo tatu ya maneno yaliyoorodheshwa kuwa hasi katika kamusi ya Harvard, kwa mfano kodi na gharama, si hasi hata kidogo katika ripoti za fedha. Mimi naogopa zaidi programu inayoelewa vizuri habari ambayo haikupaswa kuifikia.

Tazama yaliyoipata kampuni ya ndege ya United. Desemba 2002 iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, na mwaka 2006 ikatoka humo. Septemba 2008, taarifa ya zamani ya Chicago Tribune kuhusu ombi lile la 2002 iliibuka kwenye tovuti ya gazeti moja la Florida, bila tarehe yake ya kwanza. Programu ya Google ya kukusanya habari iliichukua kama mpya. Jumatatu tarehe 8, kichwa chake kikapita kwenye skrini za Bloomberg. Hisa iliyokuwa ikiuzwa karibu dola 12 ikaporomoka hadi dola 3 kwa dakika chache, mpaka Nasdaq ikasimamisha biashara. Ukweli ulipojulikana, ilifunga siku karibu dola 11.

Pima kichwa kile kwa chombo chochote unachokiamini: kitatoa alama hasi sana, na kitakuwa sahihi. Kilichokosewa ni tarehe, na alama haibebi tarehe. Wala usitegemee wastani kukuokoa. Tovuti 20 zikinakili taarifa moja, wastani wake unaonekana thabiti kuliko wa taarifa moja, kumbe shahidi ni yule yule mmoja aliyepewa sauti 20.

Kwa hiyo, kabla alama haijahesabiwa, linganisha maandishi na hazina yako ya miaka ya nyuma, na yanayofanana sana yahesabiwe mara moja tu. Habari isiyo na tarehe ndani ya maandishi yenyewe itengwe. Saa ambayo programu yako iliiona kwa mara ya kwanza si tarehe ya kuchapishwa. Na kwa jambo zito kama kufilisika, mtu afungue taarifa rasmi za kampuni au kumbukumbu za mahakama. Asipokuta kitu huko, asubiri, hata bei ikiwa inaanguka mbele ya macho yake, maana huenda zinazoiangusha ni programu nyingine zilizosoma kichwa hicho hicho.

Nasdaq haikufuta mauzo ya asubuhi ile. Aliyeuza kwa dola 3 alibaki na dola zake 3.