Amusan hakudhulumiwa, ni upepo tu

Wadau, kuna hoja haiishi vijiweni: eti Tobi Amusan wa Nigeria alinyang'anywa rekodi ya dunia kwa kuwa ni Mwafrika. Hata mimi alfajiri ile ya Julai 2022 nililalamika. Baadaye nikakaa chini nikafuatilia, na leo sisemi tena hivyo.

Ilikuwa Eugene, Marekani, mita 100 kuruka viunzi. Nusu fainali alikimbia sekunde 12.12, rekodi mpya ya dunia. Jioni hiyo hiyo kwenye fainali akatoa 12.06. Dhahabu akapewa, lakini 12.06 ikakataliwa kuwa rekodi. Kwa nini? Nusu fainali upepo wa mgongoni ulikuwa mita 0.9 kwa sekunde. Fainali ulikuwa 2.5, na mwisho unaoruhusiwa ni 2.0.

Sasa tupige hesabu. Kwa 12.12, Amusan anakwenda wastani wa mita 8.25 kwa sekunde. Hewa inamzuia kwa kadiri ya mwendo wake ukitoa upepo, halafu unazidisha jibu kwa lenyewe. Bila upepo unapata kama 68. Kwa upepo wa 0.9 unapata 54. Kwa 2.5 unapata 33, yaani kizuizi kimepungua nusu nzima! Medali haiguswi kwa sababu wote wanane walisukumwa na upepo ule ule. Ila rekodi inamshindanisha na waliokimbia siku nyingine, kwenye hewa nyingine.

Na kipimo hakisomwi kwa kubahatisha. Kifaa kinawekwa kando ya njia ya kwanza, mita 50 kabla ya mwisho, na kwa mbio hizi kinachukua wastani wa sekunde 13 tangu bastola ilie. Jibu linapandishwa kwenda desimali ya juu, kwa hiyo 2.01 inaandikwa 2.1 na rekodi imekwenda na maji. Kwa miruko mirefu ni sekunde 5 tu, mrukaji akiwa anakimbilia ubao.

Udhaifu upo, sikatai. Kifaa ni kimoja, sehemu moja. Mwaka 1988 kule Indianapolis, Florence Griffith-Joyner alikimbia mita 100 kwa 10.49 na kifaa kikaonyesha 0.0, wakati muda ule ule kifaa cha miruko mitatu uwanjani hapo kilisoma 4.3. Rekodi ikaidhinishwa, na ubishi upo mpaka kesho. Kama mnatafuta pa kulalamikia, basi ni pale, kipimo kilipotiliwa shaka kikapita. Siyo kwa Amusan, ambaye kipimo kile kile ndicho kilichomruhusu kupewa 12.12 yake. Huwezi kukikubali saa moja na kukikataa saa mbili.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti aje na namba.