Klipu ya Simu Haitakufunza Wimbo wa Mzee

Hebu niambie ukweli. Mara ya mwisho ulipompita mzee anayepiga gitaa kando ya barabara, ulifanya nini? Wengi wetu tunatoa simu, tunarekodi sekunde ishirini, tunaangusha sarafu kwenye mkebe, tunaenda zetu. Jioni klipu iko mtandaoni na maneno ya kusikitika, eti talanta zinapotea. Watu wanabonyeza mioyo, na kesho yake hakuna anayekumbuka.

Sina ugomvi na klipu. Ugomvi wangu ni ile imani kwamba ukisharekodi, basi umeokoa kitu. Nimeona kwa macho yangu kijana wa kidato cha tatu akidanganywa na klipu yake mwenyewe kwa karibu miezi miwili, na nataka ujue alidanganywaje, kwa sababu hata wewe ungenaswa.

Mzee mwenyewe hupiga gitaa mjini Nyeri, mara nyingi karibu na Whispers Park. Siku za soko hupanda matatu hadi Karatina. Ana gitaa lililobandikwa gundi ubavuni na penseli iliyofungwa shingoni kwa mpira. Ana nyimbo nyingi, lakini mmoja hauna maneno. Ni melodi fupi inayozunguka, na ukiisikia mara moja utaenda nayo nyumbani. Ukiwauliza wenye vibanda, wengine wanasema waliisikia wakiwa watoto, lakini hakuna anayejua ni ya nani.

Kijana wetu hupiga gitaa kanisani, na alijifunza kupitia YouTube kama wengi wenu. Alirekodi ile melodi, akafika nyumbani, akaitazama pole pole. Vidole vya mkono wa kushoto vya mzee vilionekana wazi kabisa. Ilikuwa kodi ya C, ile ya kwanza ambayo kila mtu hufundishwa. Akasema hii ni rahisi. Akaweka vidole palepale, akapiga, na ikatoka kitu kingine. Melodi ya juu ilifanana, lakini besi chini yake ilikuwa tofauti. Besi ya mzee ilitoka C ikapanda hadi G, ikasimama imara kama nguzo. Yake ilitoka C ikaishia E, ikasikika nyepesi, kama wimbo wa watoto. Vidole ni vilevile, mahali ni palepale, sauti si ileile.

Alidhani simu ndiyo mbovu. Akarekodi tena. Akadhani gitaa lake ndilo baya. Mwishowe akafanya kile angefanya siku ya kwanza. Alinunua chai kwenye kibanda, akampelekea mzee, akasema, "Guka, naomba unionyeshe ule usio na maneno."

Mzee hakuanza na vidole. Alimpa gitaa lake na kumwambia apige nyuzi tupu, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo siri ilipotoka. Gitaa la kawaida hutyuniwa E, A, D, G, B, E. Mzee alikuwa ameshusha nyuzi zote kidogo, kiasi cha sauti moja nzima, halafu uzi wa nne, ukihesabu kutoka ule mwembamba, akaupandisha peke yake hatua tatu. Penseli ile ilibana nyuzi zote kwenye pengo la pili la shingo na kurudisha sauti juu. Kwa hiyo ukisikiliza, unasikia gitaa la kawaida, ila mahali pa D pamekaa F. Ukibonyeza ule uzi kama unavyobonyeza kodi ya C, hautoi E tena, unatoa G. Ukiuachilia, unatoa F, na mzee anapata besi ya kodi ya pili bila kutumia kidole chochote. Vidole vinavyobaki huru ndivyo vinavyocheza melodi.

Sasa angalia jinsi klipu ilivyoonyesha kila kitu na bado ikaficha. Dalili ilikuwepo. Kodi ya C ikibanwa na penseli pengo la pili, inapaswa kusikika kama D. Ya mzee ilisikika C. Yaani nyuzi zake zilikuwa zimeshushwa, na mtu anayejua angeshuku hapo hapo. Lakini kijana aliiona penseli kama umaskini. Alidhani ni mzee tu ambaye hana pesa ya kapo.

Alirudi nyumbani mbio, akashika gitaa lake lenye tyuni ya kawaida, akaanza kuvuta uzi wa nne kutoka D hadi F. Ukakatika, paa! Kupandisha uzi hatua tatu kunaongeza mvutano wake kwa takriban asilimia 40, na uzi wa zamani hauvumilii hivyo. Ndiyo maana mzee hushusha zote kwanza. Kile kijana alichokiona kama tabia ya kizee kilikuwa hesabu ya mtu ambaye nyuzi zimemkatikia mara nyingi, tena siku ambazo hakuwa na pesa ya kununua nyingine.

Baada ya kununua uzi mpya alipata besi, lakini wimbo bado ulikuwa unachechemea. Mzee aliusikiliza, akacheka, akamwambia atazame chini. Klipu zote zilikuwa zimekata miguu! Kidole cha shahada kinaanza melodi kidogo kabla mguu haujagonga. Kijana alikuwa anahesabu moja kwenye ile noti ya kwanza, kwa hiyo wimbo wote ulikuwa umekaa kichwa chini miguu juu. Alipoanza kugonga mguu pamoja na mzee, ulisimama wenyewe.

Na mguu ule una historia yake. Mzee alisema melodi hiyo aliikuta kwa mchezaji wa kodiani, enzi za mwomboko. Kama hujui mwomboko, ni ile dansi ya wawili wawili ya Wakikuyu ambayo bado huchezwa kwenye sherehe za kitaifa, hatua mbili halafu mnainama. Vyombo vyake ni viwili tu, kodiani na karing'aring'a, kile kipande cha chuma kinachogongwa kushika mwendo. Mzee akiwa peke yake na gitaa hawezi kushika chuma. Basi mguu ndio karing'aring'a yake, na gumba lake linafanya kazi ya mkono wa kushoto wa mpiga kodiani. Mtindo wenyewe wa gumba na kidole cha shahada ulienea sana kwa sahani za akina Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, yule ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, na ambaye baadaye alikuja kupiga Nairobi mwishoni mwa muongo huo. Kwa hiyo ndani ya melodi moja ya barabarani kuna dansi ya Mlima Kenya, kuna Kongo, na kuna mtu mmoja aliyetafuta njia ya kuviunganisha kwa nyuzi sita. Klipu ya sekunde ishirini haikusema hata moja kati ya hayo.

Utaniambia, "Lakini si kurekodi ndiko kumeokoa muziki wa zamani?" Ni kweli, na mfano mzuri tunao. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939 na kufariki mwaka 2018, aliacha sahani na kanda nyingi. Mjukuu wake mwenye jina hilohilo, ambaye ulimwengu wa muziki unamjua kama KMRU, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake kwenye Bandcamp, na leo mtu wa Berlin anaweza kumsikiliza Kamaru. Lakini Kamaru aliingia studio. Jina lake liliandikwa kwenye sahani, na sauti ilichukuliwa na watu wanaojua kazi yao. Hata hawa wa mugithi unaowafuata wikendi, mtu mmoja na gitaa lake hadi asubuhi, huimba sana nyimbo ambazo tayari ziko kwenye rekodi. Mzee wa kando ya barabara hakuwahi kuingia studio. Kwake rekodi ni mikono yake, na Julai baridi ya Nyeri ikishuka, anaipuliza ile mikono kwa pumzi kabla ya kila wimbo. Kuna siku vidole vinakataa, anafunga gitaa saa nne asubuhi na kurudi nyumbani.

Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ni kuketi. Rekodi ukipenda, lakini rekodi kama mtu anayetaka kujifunza. Mwombe apige kila uzi mtupu, mmoja mmoja, kabla ya wimbo. Kwa sekunde kumi hizo, mtu yeyote baadaye atajua gitaa lilityuniwaje. Piga picha pana inayochukua mikono yote miwili na mguu. Mwache acheze mizunguko kadhaa bila kumkatiza, kwa sababu mzunguko wa tatu huwa na vitu ambavyo wa kwanza hauna. Halafu muulize, mbele ya simu hiyohiyo, wimbo unaitwaje na alijifunza kwa nani.

Swali hilo la mwisho si adabu tu. Kijana wetu alitaka kuugeuza ule wimbo kuwa biti na kuuweka TikTok. Akamwuliza mzee kama ni wake. Mzee akajibu, "Kwangu umepita tu, kijana wangu, lakini ukipita kwako useme ulitokea wapi." Kisheria, kama mzee angekuwa ndiye aliyetunga, hakimiliki nchini Kenya ingekuwa yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa melodi za jadi za jamii, kuna sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa na sanaa za kijadi. Huwezi kujua uko upande gani bila kuuliza, na ukiiweka bila jina, wa kwanza kuisajili kama yake huenda akawa mtu ambaye hajawahi hata kufika Nyeri.

Walikubaliana hivi. Jina la mzee linatangulia kwenye maelezo, na seti ya nyuzi mpya inakuja kila pesa ikipatikana. Biti bado haijatoka. Kijana anasema gumba lake halijawa tayari, na mzee anakubaliana naye kabisa.

Jumamosi iliyopita niliwakuta wakipokezana gitaa moja. Kijana alipiga, mzee akagonga mguu, na mama mmoja aliyebeba kabeji akasimama, akapiga hatua mbili, akainama kidogo na kabeji zake, akaendelea na safari. Nilikuwa na simu mfukoni. Safari hii nilikaa chini kwanza.