Tahadhari: Modeli ya Asilimia 99 Isiwashwe

Kama una modeli ya mikopo inayosubiri kuwashwa wiki hii, na alama zake ni nzuri kupita kiasi, isimamishe kwanza.

Kijana mmoja aliniletea modeli yake niikague kabla haijaunganishwa na mfumo wa mkopeshaji. Ilitabiri nani hatalipa, kwa usahihi wa asilimia 99. Nikamwomba anionyeshe safu iliyoibeba zaidi. Ilikuwa `penalty_fee`, faini ya kuchelewa.

"Faini hii huandikwa lini, mdogo wangu?"

Akanyamaza kidogo. "Mtu akishachelewa, kaka."

Siku ya kuomba mkopo, faini ya kila mwombaji ni sifuri. Modeli ile, ikishawashwa, ingemwona kila mtu ni mlipaji mzuri na kupitisha wote. Ilifaulu mtihani kwa sababu ilikuwa imeshaonyeshwa majibu.

Kosa halikuanzia kwenye modeli. Mpangilio wa CRISP-DM una hatua sita: kuelewa biashara, kuelewa data, kuandaa data, kuunda modeli, kutathmini, na kupeleka kazini. Anayeanza hufungua faili la CSV akarukia ya nne. "Nani hatalipa?" ni swali nusu. Swali zima ni hili: kwa yale tunayoyajua saa ya kuomba, nani atakuwa hajalipa siku 30 baada ya tarehe yake ya kulipa? Ukishaliandika hivyo, pitia kila safu pamoja na afisa mikopo na uulize hujazwa lini. Inayojazwa baada ya mkopo kutolewa, itoe.

Kisha usigawe data kwa kuchanganya ovyo. Gawa kwa tarehe, ujifunze kwa ya zamani na kujipima kwa mpya:

```python
kata = "2024-07-01"
mafunzo = df[df["loan_date"] < kata]
majaribio = df[df["loan_date"] >= kata]
```

Ondoa kwenye mafunzo mikopo ambayo hatima yake ilikuwa haijajulikana kufikia tarehe hiyo ya kukata. Ukiiacha, majibu ya kesho yanarudi kwa mlango wa nyuma.

Tulipofanya hayo, usahihi ukashuka hadi asilimia 97. Kijana akafarijika. Nikamwonyesha kuwa kwenye data ile wasiolipa walikuwa watatu kwa kila mia, kwa hiyo anayesema "wote watalipa" bila modeli yoyote hupata 97 hiyohiyo. Kipimo cha kuuliza ni kingine: kati ya wasiolipa, imewanasa wangapi, na imewakataa walipaji wangapi ili kuwanasa?

Hata majibu yakiridhisha, iache kwanza itabiri kimyakimya huku afisa akiendelea kuamua mwenyewe. Mikopo hiyo ikishakomaa, linganisha. Ikianza kupitisha karibu kila mtu, rudi kwenye safu zako kabla pesa haijatoka.