Dondoo Peke Yake Halitoshi

Mwandishi aliyedai kwamba mwanafunzi aliyenukuu mshororo unaofaa apewe alama zote ameghafilika, kwani katika swali la ushairi la Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, lenye alama 20, dondoo ni ushahidi tu, wala ushahidi haujielezi. Tuseme hapa Lopur mwanafunzi amenukuu mshororo niliotunga kwa zoezi, “Tarach umemeza mvua, ukatema vumbi”, akaongeza “toni ni ya huzuni”, kisha akanyamaza: katika alama 4 nampa 2, moja ya dondoo na moja ya toni. Mwenzake aonyeshaye kuwa mto Tarach umetashihishwa kuwa mlafi, na kwamba “ukatema” huigeuza huzuni kuwa lalamiko, anastahiki zote. Nawasihi wasahihishaji: msimdhulumu huyu kwa kumsawazisha na yule.