Goli moja lisionyeshwe mara tatu

Vijana wetu wengi wanakata video za mechi na kuzituma kwenye simu. Kazi ni nzuri, lakini mara nyingi goli moja linaonekana mara tatu, na mtu ambaye hakutazama mechi anahesabu matatu.

Tuchukue Kongo na Misri, CAN, tarehe 28 Januari 2024. Rekodi inapita saa mbili. Wengi hutafuta magoli kwa kutazama matokeo kwenye kona ya skrini: nambari ikibadilika, Meschack Elia ameshafunga. Lakini nambari huchelewa. Ukikata hapo, utapata furaha ya wachezaji, si goli. Rudi nyuma mpaka pale shambulio linapoanza.

Marudio nayo yana alama yake. Nembo ya mashindano hupita skrini nzima kabla na baada, na saa ya mechi mara nyingi hutoweka. Bakiza rudio moja tu, lile linaloonyesha vizuri zaidi.

Hata hivyo, nambari peke yake haitoshi. Mechi ile ilibaki 1-1, Mmisri mmoja akapata kadi nyekundu, tukashinda kwa penalti 8-7, na ya mwisho aliipiga kipa wetu Lionel Mpasi. Penalti hizo huhesabiwa pembeni; 1-1 haibadiliki. Anayefuata 1-1 tu anamfuta Mpasi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tazameni mechi yote kwanza, ndipo mkate. Na msibandike jina lenu juu ya matokeo: ndiyo shahidi wetu.