Kichwa kwa asiyeuliza
Anayeandika “jinsi ya kupika pilau” kwenye Google ameshasema shida yake. Kichwa kinachorudia maneno hayo kinamtosha. Msomaji wa Google Discover hakuuliza kitu, anapitisha kidole tu, na kwake kichwa hicho kimepoa. “Maji yakizidi, pilau huwa bokoboko” kitamsimamisha, tena bila hila ya “kosa litakalokushtua”, ambayo Google yenyewe inaikataza kwa kuwa inaficha kiini cha habari. Picha nayo iwe na upana wa pikseli 1200 au zaidi, ukurasa ukiwa na `max-image-preview:large`; la sivyo huenda ikatoka kijipicha. Sufuria ya wali ulioshikana inafaa. Nembo ya gazeti, wanayoibandika wahariri wavivu, haifai kabisa.