"Haye, nitaangalia inshallah": mteja amekataa, ama anaogopa kutuma pesa?

Kama unauza kitu kwa WhatsApp hapa Garissa, unalijua hili jibu. Mteja ameuliza, umemjibu vizuri, umemtumia namba ya tili, halafu anakuandikia maneno matatu: "Haye, nitaangalia inshallah." Wauzaji wengi wakiona hivyo wanafanya jambo moja, wanashusha bei papo hapo. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi punguzo hilo ni pesa ya bure unayotupa, kwa sababu mteja hakuwa na shida na bei hata kidogo.

Tuchukue mfano wa dada anayeuza baati, yale magauni mepesi ya nyumbani, na mteja yuko Wajir. Mazungumzo yanaenda hivi:

"Asc. Baati ni bei gani?"
"Wcs dada. Moja ni 1,500."
"Tatu je? Na mzigo unafika Wajir lini?"
"Tatu ni 4,500. Ukilipa leo napeleka kwa basi kesho. Tuma kwa hii tili ndio nifunge mzigo."
"Haye. Nitaangalia inshallah."

Usiangalie tu hilo jibu la mwisho peke yake. "Haye" peke yake haisemi mengi. Mtu anaweza kuisema akimaanisha sawa, nimekubali, na anaweza kuisema akimaanisha nimekusikia tu, endelea. "Inshallah" nayo wengine wanaisema kwa nia kamili, na wengine wanaitumia kukataa kwa heshima. Ukibaki kuchimba neno moja hutapata kitu. Rudi juu kidogo, utafute ni ujumbe wako gani ulimfanya apoe.

Huyu dada wa Wajir alisikia 1,500 na hakupoa. Kinyume chake, aliongeza idadi na akauliza mzigo unafika lini. Hayo ni maswali ya mtu ambaye kichwani ameshanunua. Mtu anayepitisha muda anauliza bei na kunyamaza, hana haja ya kujua siku ya basi. Hata aliposikia 4,500, hakuna mahali amesema "ni ghali" ama "punguza", na sisi watu wa huku kuitisha punguzo hatuoni haya. Alipoa pale tu alipoambiwa atume pesa kwanza. Kwa hivyo kilichomzuia kina uwezekano mkubwa wa kuwa hiki: pesa yangu inatangulia, mzigo unafuata, na huyu mtu simjui.

Sasa ukimwambia "basi nakupa kwa 1,300", umepoteza 600 kwa baati tatu na hofu yake iko palepale. Pengine hata imeongezeka, maana anajiuliza mbona huyu ana haraka hivi na pesa yangu.

Hofu hii si ya kijinga. Angalia soko la mifugo la hapa Garissa. Mnunuzi na muuzaji wanaweza kuwa hawajawahi kuonana, lakini katikati yao kuna dalali, yaani dilaal, anayejulikana na watu. Kazi yake si kupatanisha bei peke yake. Anasimama pia kama shahidi kwamba huyu mwenye ng'ombe anajulikana na mnyama si wa wizi. Mteja wako wa WhatsApp hana dilaal. Ana picha, jina la wasifu, na tili. Yale maswali yake mafupi ndiyo anatumia kukupima, na asipojua aulize nini tena, anaandika inshallah.

Kwa hivyo kabla ya kushusha kitu chochote, mpe njia rahisi ya kusema kinachomsumbua bila aibu. Mimi ningeandika hivi: "Haye dada, hakuna haraka. Bado unaamua rangi, ama ni kutuma pesa kabla mzigo haujafika? Yote ni sawa, tunaweza kupanga." Swali la "kwa nini hununui?" linamfanya mtu ajitetee, lakini hili linampa majibu mawili na yote yana heshima. Akijibu "ni pesa kabla," umepata ukweli wako.

Hapo mpangie. Muombe arbuni ya 1,500, halafu mzigo ukishapokelewa ofisi ya basi unampigia picha risiti ya pareseli, naye anamalizia 3,000. Usipeleke bila arbuni yoyote, kwa sababu akibadilisha nia utalipia pareseli kwenda na kurudi. Mwambie pia mapema ni jina gani litatokea kwa simu yake akilipa. Hili wengi wanalisahau. Tili imesajiliwa kwa jina la kaka ama la duka la zamani, mteja anaona jina geni, anaghairi na hakuambii. Sentensi moja tu, "itatokea jina fulani, hiyo ni tili ya kaka yangu, duka ni letu," inaondoa shaka kabla haijaanza.

Kuna jibu lingine fupi linalochanganya watu: "Nitumie tena hizo picha." Muuzaji anaudhika, si nilishatuma? Lakini huku kwetu mara nyingi anayechagua siye anayelipa. Pesa inatoka kwa ndugu aliye Eastleigh, ama kwa shangazi nje ya nchi. Picha zinaombwa tena ili zipelekwe mbele. Usimsukume huyu alipe leo, maana pesa hana yeye. Mwandikie ujumbe mmoja unaojitosheleza: picha, idadi, jumla, jina la biashara na tili. Mlipaji akiupokea asihitaji kuuliza swali.

Na kuna inshallah ambayo kweli ni hapana. Utaijua kwa sababu haina kitu cha kushika: hakuuliza rangi, saizi, mahali wala siku, tangu mwanzo mpaka mwisho. Linganisha na "Inshallah Alhamisi nikipata mshahara." Hiyo ina siku na ina sababu, kwa hivyo mtafute Alhamisi, usimsumbue Jumanne. Ile tupu mshukuru, mwachie mlango wazi, uendelee na wengine. Kimya nacho usikisome haraka. Mtandao unaweza kuwa umepotea, ama wakala wa karibu hana floti na mteja ana pesa taslimu mkononi. Subiri siku moja kabla hujaamua kwamba amekataa.

Jibu tamu kuliko yote, "Nimeshatuma," nalo lisome kwa utulivu. Picha ya ujumbe wa malipo si malipo, na ujumbe wenyewe unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Angalia salio la tili yako mwenyewe ndio ufunge mzigo. Akisema ametuma zaidi kimakosa na anataka umrudishie haraka, salio ndilo litakaloonyesha kama pesa hiyo iliingia.